Duka moja, watu wawili, sauti moja: mwongozo kamili wa kupanga WhatsApp Business yako

Nimeandika hii kwa sababu kila nikishika simu ya muuzaji hapa Moshi nakuta kitu kilekile. Meseji ya kukaribisha ni ile ya Kiingereza iliyokuja na app yenyewe, hajawahi kuigusa. Katalogi imeandikwa kama tangazo la redio, halafu ukishuka kwenye chati zenyewe ni "mambo dia sema", na mteja akijibiwa na mdogo wake muuzaji ni "poa poa ngoja nichek". Mteja anaongea na duka moja lakini anahisi kakutana na watu watatu wasiojuana, na mtu anayetaka kutuma hela kwa mtu ambaye hajawahi kumuona akihisi hivo anarudisha simu mfukoni.

Nitatumia kesi moja mwanzo mpaka mwisho, ya dada mmoja anayeuza viatu vya mtumba soko la Memorial. Simu kuu anakaa nayo yeye, mdogo wake wa kiume anajibu kwa laptop siku dada akienda kuchagua mzigo. Wateja wake wengi wako Arusha na Dar, hawafiki mezani, kila kitu kinaishia kwenye chati. Wewe kama unauza keki au vitenge hatua ni zilezile, utabadilisha maneno tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye WhatsApp Business, ile ya nembo yenye herufi B. Ya kawaida haina vitu tutakavyogusa.
- Simu ya pili ya kujaribia, yenye namba ambayo haijachati na duka kwa zaidi ya wiki 2. Sababu utaiona hatua ya 3.
- Karatasi moja na kalamu. Ndio, karatasi.
- Chati zako 10 za mwisho zilizoishia kwa mteja kununua, na 10 zilizokufa njiani.
- Namba zako za malipo zilizoandikwa mahali, sio za kichwani.
- Saa mbili hivi za kutulia. Usifanye hii siku ya soko.

## Hatua ya 1: Andika karatasi ya sauti

Wengi wanakimbilia kwenye settings, wanaandika meseji nzuri moja, halafu ya pili inatoka tofauti kwa sababu hawajaamua duka linaongeaje. Karatasi kwanza. Soma zile chati 20 halafu jibu maswali manne, usiandike zaidi ya ukurasa.

Mteja unamuitaje? Hapa ndo panaharibika kuliko kote. Dada alikuwa anaita kila mtu "mrembo" kwa sababu anauza viatu vya kike, kumbe kwenye zile chati 20 wanaume walikuwa 6, wananunulia wake zao na mama zao. Mmoja akajibu "mi sio mrembo, mi ni baba" na baada ya hapo kimya. "Dia" na "mpenzi" mtu mzima havimkai vizuri, na "bosi" kwa mama wa miaka 60 inasikika kama kondakta wa hiace anajaza gari. Shikamoo nayo huwezi kuiweka kwenye meseji ya moja kwa moja maana simu haijui umri wa anayeandika. Wao waliamua "habari" kwa kila mtu mwanzoni, na jina lake akishalitaja. Mteja akianza mwenyewe na shikamoo, anajibiwa marahaba. Basi.

Duka ni "mimi" au "sisi"? Kwenye chati moja nilikuta "nimekupimia", "tutakutumia" na "ntakupigia" ndani ya dakika tano. Kama uko peke yako tumia "mimi", haina shida wala haikufanyi mdogo. Mkiwa wawili chukueni "sisi", kwa sababu mteja akiahidiwa na dada "nitakutumia kesho" halafu kesho anajibu kaka, ile ahadi inakuwa haina mwenyewe.

Tunafupisha au hatufupishi? Wao walikubaliana hakuna "xaxa", hakuna "cjui", hakuna "nmeipat". "Ndo" na "hivo" ruksa maana ndivyo wanavyoongea. Emoji moja kwa meseji, na wamechagua mbili tu, kiatu na mikono ya shukrani. Ile ya kucheka machozi wameipiga marufuku baada ya kutumwa kwa mteja aliyekuwa analalamika.

Kitu kimoja, jina moja. Huyu anasema "saizi", yule "namba". Huyu "parseli", yule "mzigo". Chagueni moja moja. Wao wakachukua: namba, mzigo, jozi, kasoro, bei ya mwisho.

*Utajua imekaa sawa ukiona:* mtu wa pili anaisoma karatasi kwa dakika moja na anaweza kujibu meseji bila kukuuliza.

*Angalizo:* usinakili sauti ya duka kubwa. "Mpendwa mteja, tunathamini mawasiliano yako" ni maneno ya benki, na ukiyaandika kwenye greeting halafu ukaendelea na "sema unavaa ngapi" ule mruko ndo unaomshtua mtu.

## Hatua ya 2: Wasifu wa duka, haraka haraka

Fungua `Business tools` kisha wasifu wa biashara. Jaza unauza nini, uko wapi, unafungua lini. Mstari wa maelezo uandike kwa sauti ya karatasi: "Viatu vya mtumba vya kike, jozi moja moja. Tuko Memorial, Moshi. Mikoani tunatuma kwa basi."

Kwenye masaa kuwa makini, hapa watu wanaumia. Simu haijui saa za Kiswahili. Ukifungua saa 3 asubuhi, kwenye simu ni 9:00 AM, na saa 12 jioni ni 6:00 PM. Nimeshaona duka lililoandika 3:00 AM mpaka 12:00 PM, yaani kwa mujibu wa simu lilikuwa linafunguliwa usiku wa manane na kufungwa saa 6 mchana, na kila aliyeandika alasiri alikuwa anaambiwa tumefunga na mwenyewe yuko mezani anapigwa na jua.

## Hatua ya 3: Meseji ya kukaribisha

Iko `Business tools`, halafu `Greeting message`. Kabla hujaandika elewa inavyofanya kazi: inaenda kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza, na pia kwa yule ambaye hamjachati kwa siku 14. Hii ya pili wengi hawaijui. Ndo maana ukiandika "Karibu sana mteja wetu mpya", yule mama aliyenunua jozi nne mwezi uliopita naye anaambiwa ni mpya. Anajiona hakumbukwi, na ni kweli hakukumbukwa.

Kwa hiyo andika maneno yanayowakaa wote wawili. Ya dada ilikuwa mistari tisa, ina historia ya duka na aya ya kuomba baraka. Sasa hivi ni hii:

> Habari, karibu. Hapa ni duka la viatu Memorial, Moshi. Jozi zote zilizopo na bei zake ziko kwenye katalogi, gusa alama ya duka hapo juu. Ukiona unayopenda tutumie, na utuambie unavaa namba ngapi 👟

Angalia ilichofanya. Imesalimia, imesema ni nani, imeonyesha bei ziko wapi, imeuliza swali moja. Swali liwe moja tu, ukiuliza namba, rangi, mkoa na bajeti kwa mpigo mtu anajibu moja halafu unaanza kumkumbusha mengine kama karani. Na bei zikiwa wazi umeshajitoa kwenye lile kundi la "bei njoo inbox" ambalo wateja wamelichoka.

*Angalizo:* isijifanye ni mtu. Ukiandika "nakuangalizia sasa hivi dakika moja" na wewe uko kwenye daladala, mteja anahesabu dakika.

*Utajua imekaa sawa ukiona:* ukiandika kutoka simu ya pili meseji inakuja yenyewe na yote inaonekana kwenye skrini bila kuguswa "soma zaidi". Isipokuja, mara nyingi ni kwamba simu hiyo ilichati na duka ndani ya siku 14. Usianze kuhangaika na settings.

## Hatua ya 4: Meseji ya ukiwa haupo

Hii ni `Away message`. Utaulizwa itumwe lini. `Always send` ni kila wakati, `Custom schedule` unapanga mwenyewe tarehe na saa, `Outside of business hours` inafuata masaa uliyojaza hatua ya 2. Chukua hii ya tatu na uisahau. `Always send` ni ya siku ya msiba au safari, na ukiiwasha weka kikumbusho cha kuizima, maana nimekutana na duka lililokuwa "safarini" tangu Pasaka na tulikuwa Julai.

> Habari, kwa sasa tumefunga. Tunafungua saa 3 asubuhi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Tuachie picha ya kiatu na namba unayovaa, tutakujibu kabla ya saa 4.

Kwa nini sio "tutakujibu kesho"? Kwa sababu Jumamosi usiku kesho ni Jumapili, na Jumapili wapo kanisani. Kwa nini sio "muda si mrefu"? Kwa sababu kila mtu ana muda si mrefu wake. Saa 4 ni ahadi inayopimika, kwa hiyo waliweka saa wanayoiweza kweli, saa nzima baada ya kufungua.

Mteja mpya akiandika usiku meseji hizi mbili zinaweza kufuatana, ndo maana ya pili haijirudii kujitambulisha wala kuelekeza katalogi. Zisome moja chini ya nyingine kwa sauti. Zikisikika kama mtu mmoja aliyevuta pumzi katikati, iko sawa.

*Angalizo:* simu ikizimwa au ikiisha bando usiku, meseji hii haiendi. Chaji na kabando kadogo vibaki.

## Hatua ya 5: Majibu ya haraka, hapa ndo kazi yenyewe

Zile mbili za juu mteja anaziona mara moja. Haya anayaona kila siku. Nenda `Quick replies`, unaandika meseji na neno fupi la kuiita, kisha kwenye chati ukianza na mkwaju na lile neno, mfano `/lipa`, meseji inakuja na unaweza kuirekebisha kabla ya kutuma. App inaruhusu mpaka 50 lakini ukiweka 50 hutakumbuka hata moja. Dada ana sita. Nitaeleza nne, mbili zilizobaki ni za maelekezo ya kufika mezani na shukrani baada ya mzigo kupokelewa.

`/mwisho`, ya kupunguza bei. Kwenye chati zile 20 hapa ndipo palikuwa na vurugu. Mteja mmoja aliambiwa na dada kiatu cha 35,000 mwisho 33,000, jioni akaandika tena, kaka akampa 30,000. Umeuza, sawa, lakini umemfundisha kwamba bei ya duka hili inategemea nani kashika simu, na mara ijayo atasubiri jioni. Sasa bei ya mwisho inaamuliwa siku jozi inapoingia, inaandikwa kwenye daftari karibu na code ya kiatu, na jibu ni hili:

> Bei ni 35,000, bei ya mwisho ni 32,000. Ukichukua jozi mbili, kuzipeleka stendi ni juu yetu.

Haina "dah jamani", haina "mtaji umepanda", haina kuapa. Mteja akirudi mara ya pili na "fanya 28" wanajibu kwa mkono, mstari mmoja: "Hapo hatufiki, 32,000 ndo mwisho wake." Mangi akiwa mezani anaweza kutania na kuvutana nusu saa na wote mkafurahi, ila kwenye maandishi utani wa bei unasomeka kama dharau.

`/lipa`, ya malipo.

> Jumla ni sh ___. Lipa kwa Lipa Namba ______, jina litakalotokea ni ______. Likitokea jina lingine usiendelee, tuandikie kwanza. Ukimaliza tujulishe.

Hii isibadilike hata nukta. Mteja akishazoea kuiona ileile, siku tapeli akijifanya duka na kutuma "tumebadili namba lipa hapa" atashtuka. Andika Lipa Namba kwa kunakili, halafu ujilipe sh 500 kutoka simu ya pili kuhakikisha jina ni lako. Na picha ya muamala sio hela, angalia salio lako ndipo useme umepokea.

`/imeenda`, ya kiatu kilichouzwa.

> Pole, jozi hii imeshachukuliwa. Zinazokaribiana nayo za namba ___ ni hizi:

Halafu unamtumia mbili au tatu kutoka katalogi. Zamani alikuwa anajibu "imeisha" peke yake. Neno moja. Mteja anabaki ameshika mlango uliofungwa.

`/chelewa`, mzigo ukikwama.

> Samahani ______. Mzigo wako haujaondoka leo kwa sababu ______. Utapakiwa ______ na tutakutumia picha ya risiti ya basi siku hiyohiyo.

Jina, sababu ya kweli, siku. Meseji ya tatizo ndipo sauti inapovunjika, mtu ana aibu anaanza kuandika kirefu, "yani hata sielewi kijana wa stendi", mara analaumu mvua. Ukiwa nayo tayari umeiandika siku umetulia, siku umechanganyikiwa unajaza nafasi tu.

*Angalizo kubwa:* zile nafasi wazi. Wiki ya kwanza kaka alimtumia mteja "Jumla ni sh ___" hivohivo, na mteja akajibu "niweke ngapi?" Dawa yake ni kuweka nafasi ya kwanza kabisa mwanzoni mwa meseji ili macho yaione, au kuandika HERUFI KUBWA kama JINA na BEI. Na kwa anayetumia laptop, majibu ya haraka yenye picha hayatumiki huko, kwa hiyo yawe maandishi matupu.

## Hatua ya 6: Katalogi iongee kama wewe

Katalogi inabeba bidhaa mpaka 500 na picha 10 kwa kila moja, huhitaji zote. Tatizo sio wingi, ni kwamba majina yameandikwa siku tofauti na watu tofauti. Kwa dada nilikuta "KIATU KIKALI SANA WAHI", "shoes za ofisi" na "038 nyeusi" zimefuatana.

Tengeneza mfuatano mmoja wa jina: aina, rangi, namba. Namba isikae mbali maana jina refu linakatwa kwenye skrini. Maelezo ni mistari mitatu, hali, kasoro, kipimo. Jozi moja ilivyobadilika:

Kabla: "Kiatu kikali original kabisa hutojuta, njoo inbox."

Baada: "Raba nyeupe za ngozi, namba 38", bei 35,000. Maelezo: "Soli nzima, kamba ni mpya. Kasoro: mkwaruzo mdogo kisigino cha kushoto, upo kwenye picha ya tatu. Ndani ina sentimita 24.5." Sehemu ya code: R14, ileile iliyoko kwenye daftari.

Mstari wa kasoro ulimtia dada hofu, akasema nitawakimbiza. Lakini mtumba una kasoro na kila mtu anajua, na ukiitaja wewe kwanza kwa maneno ya kawaida, mteja anaamini na yale mazuri uliyosema. Sentimita nazo zinaokoa, kwa sababu namba 38 ya kiatu hiki na ya kile hazilingani, na ugomvi wa "hainitoshi" baada ya mzigo kufika Dar hauna mshindi.

Jozi ikiuzwa ifiche au ifute siku hiyohiyo, aliyeuza ndiye anayefuta. Bidhaa mpya haionekani papo hapo, WhatsApp huwa inaikagua kwanza, kwa hiyo pandisha jioni sio dakika tano kabla ya kutangaza.

*Utajua imekaa sawa ukiona:* meseji za kuuliza "bei gani" na "namba ngapi" zinapungua, na wateja wanakutumia bidhaa yenyewe kutoka katalogi badala ya picha ya skrini waliyoikata.

## Hatua ya 7: Mkabidhi mtu wa pili, kisha jaribu

Unganisha kifaa cha pili kupitia `Linked devices`, vinaruhusiwa mpaka vinne mbali na simu kuu. Bandika karatasi ya sauti karibu na laptop. Kubalianeni na kitu kimoja: anayepokea chati asome juu kwanza kabla hajaandika chochote, maana hakuna sauti itakayokuokoa ukimuuliza mtu namba yake mara ya pili.

Baada ya wiki fanya jaribio hili. Chukua chati tano, nyingine alijibu dada nyingine kaka, mpe mtu asiyehusika azisome aseme kila moja kajibu nani. Sisi tulimpa mama yao. Tatu alishindwa kabisa. Mbili akasema papo hapo huyu ni mwanangu wa kiume, tukamuuliza umejuaje, akasema kila mteja akishalipa anaandika "poa poa, limekwisha hilo".

Tukaangalia zile chati, wateja wote wawili walikuwa wamejibu vizuri, mmoja karudi kununua tena. Dada akachukua kalamu, akaiongeza kwenye karatasi.